Barua ya msomaji: Kibuyu cha bibi kimebaki na mtama vikombe viwili, nimpe nani?

Shikamoo babu,

Mimi ni binti, nasoma kilimo chuo mwaka wa tatu, kwetu Handeni, naomba usitaje jina langu. Bibi mzaa mama alifariki mwaka jana mwezi wa nne, tulivyokuwa tunasafisha jiko lake nikakuta kibuyu darini kimezibwa na nta, ndani kuna mtama mwekundu kama vikombe viwili vya chai umechanganywa na majivu. Mama anasema ndo ule mtama mrefu wa zamani, suke lake limelegea linainama, na kijijini kwetu hakuna anayelima tena, watu wote mahindi, isipokuwa jirani yetu analima huu mfupi mweupe wa kisasa, Macia.

Mwezi wa tisa mwaka jana nikapanda kidogo kwenye bustani ya chuo. Ukaota vizuri ukanizidi urefu, lakini mpaka mwezi wa kwanza hakuna hata suke moja, wenzangu wakanicheka eti nalima majani ya ng'ombe, nikaung'oa wote. Nikajua mbegu imeshaharibika. Juzi nikajaribu tena, mbegu 50 kwenye kitambaa kibichi, zikaota 19.

Sasa supavaiza wangu anataka niandike risechi kuhusu mitama ya asili, na anasema bora mbegu yote iende benki ya mbegu Arusha kabla haijafa. Mjomba amekataa kabisa, anasema mbegu ya nyumba haitolewi, na ikipotea mikononi mwangu nitakuwa nimemzika bibi mara mbili. Hayo maneno yananiuma, silali vizuri. Pia supavaiza kanipa karatasi ya kuulizia wazee kama wanaijua Lugugu, Langalanga na Udo, nimeuliza wazee wanne hakuna anayejua hata mmoja, nikaona aibu.

Babu naomba unieleze wazee walikuwa wanatunzaje mbegu ya mtama, na hii yangu nifanye nini, niitoe au nibaki nayo?

Mjukuu, Handeni

JIBU LA BABU

Marahaba mjukuu wangu, na pole na msiba, mwaka na kitu sio mingi kwa mtu aliyekulea. Mi mwenyewe nimezeekea hukuhuku Handeni na kabla ya kustaafu nilikuwa bwana shamba, kwa hiyo haya nayaongea kwa masikio mawili, la mama yangu aliyenifundisha kulinda ndege na la serikali iliyonipa pikipiki.

Nianze na bustani ya chuo maana naona ndo imekuvunja moyo kuliko yote. Wewe hukukosea mbegu, ulikosea mwezi. Mtama mrefu wa zamani wa huku hauhesabu siku tangu ulipopandwa kama huo Macia, wenyewe unaangalia urefu wa mchana. Mchana ukiwa unarefuka unaendelea kuweka majani tu na bua linapanda, mchana ukianza kufupika ndo unaanza kutengeneza suke ndani ya bua. Utasema babu huku kwetu mchana na usiku si sawasawa tu, ni kweli tofauti ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni hapa Tanga ni nusu saa na dakika chache, lakini mtama wa namna hiyo unaisikia hiyo nusu saa. Sasa wewe umepanda Septemba, mchana unarefuka mpaka Desemba, ukang'oa Januari wakati mchana ndo kwanza umeanza kurudi nyuma. Ungeuvumilia mpaka mwezi wa nne hivi labda hao wenzako wangeacha kucheka. Sisemi ni lazima iwe hivyo maana sijauona huo mtama kwa macho, lakini majani mengi, bua refu na suke hakuna ndo dalili yake kabisa, mbegu iliyoharibika haifanyi hivyo, iliyoharibika haioti.

Na hiyo tabia ya kusubiri wazee hawakuiona ni ugonjwa, ndo waliyoitaka. Bibi yako alikuwa anapanda na mvua za vuli, Novemba au Desemba kutegemea zilivyokuja, mtama unashika mizizi, Februari jua likiwaka unakunja majani unatulia, masika ikiingia Machi unaamka, unachanua Aprili au Mei, na punje zinakomaa Juni Julai mvua zimeisha hewa imekauka. Ndo maana haukuwa unaota ukungu. Mtama wa muda mfupi ukiupanda vuli unakomaa siku 100 na kitu tu, ukiupanda vibaya masika yenyewe inaukuta na suke liko wazi, punje zinakuwa nyeusi nyeusi na zingine zinaota zikiwa palepale kwenye suke. Wale waliokuja na mbegu za muda mfupi miaka ile walikuwa na sababu nzuri, mvua zikikatika mapema mtama mrefu unakufa na mimba, nimeshuhudia hilo si mara moja. Kwa hiyo sikwambii wa zamani ni bora, nakwambia una saa yake ndani na ukiupanda bila kujua saa yake utautukana bure.

Kwenye hilo la majina usione aibu hata kidogo. Lugugu, Langalanga, Udo, hayo ni majina ya juu huko, Dodoma na Singida, mtu wa Handeni kutolijua jina la mtama wa Wagogo sio ujinga. Supavaiza wako nadhani kaichukua karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya bara kavu. Alafu hata ndani ya wilaya moja jina halikusaidii sana, kijiji hiki wanauita kwa rangi, kile wanauita kwa jina la mtu aliyeuleta, mtama uleule. Au jina moja mitama miwili. Mi nilikuwa naacha jina mwisho, naanza kuuliza suke likoje, limefumba kama ngumi au limeachia kama mkia wa jogoo, linasimama au linainama, maganda yanayoshika punje yanafunguka au yanaibana, bua lina maji matamu la kutafuna kama muwa au kavu, ulikuwa wa ugali au wa pombe, ulipandwa mvua ipi. Ukiuliza hivyo mzee aliyesema hajui chochote utamkuta anaongea mpaka chai inapoa.

Na hilo suke lililolegea lina maana yake. Pwani na hizi sehemu zetu zinazopata umande mwingi, suke la kuachia linakauka haraka baada ya mvua, upepo unapita katikati, na viwavi hawapati pa kujificha. Suke la kufumba linabeba zaidi ukilipima, ila huku likinyeshewa siku tatu mfululizo ndani linavunda. Kasoro ya suke la kuachia ni kwamba linapokea chavua ya jirani kirahisi zaidi, na hapo ndo nataka tukae kidogo maana wewe una jirani mwenye Macia.

Mtama kwa sehemu kubwa unajichavusha wenyewe, ila sio wote, chukulia ua moja katika kumi linaweza kupata chavua ya nje, kwenye suke lililolegea likapata zaidi. Sasa wako mrefu mwekundu, wa jirani mfupi mweupe. Unadhani ukichanganyika utaona mara moja? Huoni. Punje utakazovuna mwaka huo ni nyekundu kama kawaida kwa sababu ganda la punje ni la mama yake. Ukizipanda mwaka wa pili ile michotara inatoka mirefu na myekundu, maana urefu unaushinda ufupi na wekundu unaushinda weupe, unapita katikati ya shamba unasema alhamdulillahi mbegu ya bibi imesimama. Mwaka wa tatu ndo vinatoka vijitu vya kila aina, vifupi, vyeupe, vingine vinachanua mapema, na hapo umeshagawia mbegu nusu ya ukoo. Nimelipata hilo mimi mwenyewe, kwa hiyo naongea nikiwa na kidonda.

Dawa yake ni umbali au mfuko. Umbali wa mita 200 kutoka kwa mtama mwingine ni mzuri, ukikosa basi mifuko ya khaki. Suke likishatoka lote kwenye ala ya jani na kabla hujaona vijinyuzi vya njano vikining'inia kule juu, unalivisha mfuko unafunga chini kwenye shingo. Mtama unaanza kuchanua kileleni unashuka mpaka chini kama wiki moja hivi, we uache mfuko wiki mbili alafu utoe, ukiuacha zaidi joto na vidukari vitakuharibia. Ukivisha masuke 50 ya katikati ya shamba inatosha kwa mbegu, mengine acha yachavushwe na yeyote hayo ni ya kula. Na mtama mwitu, ule mwembamba wa pembezoni wenye maganda meusi ambao ukiugusa tu unamwaga punje, huo ung'oe kabla haujachanua, wenyewe ni ndugu kabisa na utaingia ndani ya mbegu yako ukiuchekea.

Sasa uliuliza walitunzaje. Nitakueleza vile mama alivyofanya, na hakuwa peke yake.

Mbegu haikuchaguliwa ghalani, ilichaguliwa mtama ukiwa umesimama. Mama alikuwa anaingia shambani wiki moja mbili kabla ya mavuno na kamba za ukindu kiunoni, anaenda katikati, pembezoni hagusi, maana mmea wa pembezoni unapata jua na samadi ya njiani unanenepa bure, uzuri wake sio wa damu. Anatafuta uliobeba vizuri ukiwa umebanwa na wenzake, bua halijalala, anafunga ukindu. Na hakuchukua masuke makubwa matupu. Nilimuuliza kwa nini anafunga na hili dogo, akasema hili linawahi, mvua ikikatika ndo litakalotulisha. Hapo mjukuu nataka uangalie sana kwenye risechi yako, maana wasomi wanapenda kusema aina ya mtama kama vile ni mtu mmoja, mtama wa asili ni ukoo, kuna warefu na wafupi kidogo, wanaowahi na wanaochelewa, ukichukua masuke matano mazuri tu umebeba watoto wa nyumba moja ukaacha ukoo. Wale wazee walichukua mengi, chini ya masuke 50 mi naona ni kidogo, 100 ndo nzuri.

Kujua limekomaa, chomoa punje chini ya suke maana chini ndo inachelewa, iangalie pale iliposhikia, ukiona doa jeusi ujue mama yake ameshamaliza kumpa chakula. Hapo bado ina maji mengi, robo ya uzito na zaidi, isikudanganye kwa kuwa ngumu. Anakata na shingo ndefu, anafunga mafungu, anatundika darini juu ya moto wa jikoni. Sio karibu, alikuwa anapeleka mkono pale juu anauacha, mkono ukivumilia muda mrefu bila kuungua basi mbegu nayo inavumilia, ikipikwa haioti hata ikionekana nzima. Moshi unafukuza fukusi na nondo, na joto lile dogo la kila siku linaondoa ule unyevu ambao hewa ya huku inarudisha kila usiku.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi wanalidharau, mtama wa mbegu haukupurwa pamoja na wa chakula wala haukugusa chini. Ulipurwa kwa mkono, kwenye ungo au jamvi lake. Mi nilidhani ni miiko tu mpaka nilipoenda kusoma. Kuna ule ugonjwa ambao punje inageuka unga mweusi kama masizi ndani ya ganda, ukilipura suke moja la hivyo pamoja na mazima ule unga unapaka mbegu zote, mwaka unaofuata shamba zima lina masizi. Na kiduha, yale magugu yenye vijiua vyekundu yanayonyonya mizizi ya mtama, mbegu zake ni kama vumbi, zinabebwa na mchanga wa kiwanjani zinaingia kwenye mbegu yako unaenda kuzipanda kwa mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo ukiona suke lenye masizi unalikata taratibu kabla halijatimua, unachoma, hulipiti useme nitalitoa baadaye.

Baada ya kupura ni jua la asubuhi siku mbili tatu juu ya jamvi, sio juu ya bati. Alafu jino. Ukiuma punje ikipasuka kwa mlio imekauka, ikibonyea bado. Njia nyingine ukitaka uhakika, chukua chupa kavu tia mbegu kiasi na chumvi iliyokauka vizuri juani, tikisa, subiri dakika kumi na tano, chumvi ikigandana kwenye kuta za chupa mbegu bado ina unyevu zaidi ya asilimia 15. Ila chumvi isipogandana isikufanye ulale, mbegu ya kukaa inataka 12 kushuka chini, kwa hiyo hata chumvi ikiwa kavu mpe jua siku moja tena na urudie jino.

Ndo inaingia kibuyuni na majivu, na majivu sio kunyunyiza kama chumvi kwenye mboga, ni mengi mpaka yanajaza nafasi zote kati ya punje, mdudu hana pa kupita na yale majivu yanamkwaruza ile ngozi yake ya mafuta anakauka. Mdomo unazibwa na nta. Ukizibwa vizuri wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa wanakufa, wale mayai yao yako ndani ya punje huwezi kuwaona kwa macho. Na hakifunguliwi ovyo! Kila ukifungua kibuyu huku Tanga unaingiza unyevu. Siku hizi chupa ya soda kavu iliyojazwa mpaka shingoni inafanya kazi ileile, na ukiwa na mbegu kidogo ni bora kuliko kibuyu kikubwa chenye hewa nusu.

Tuje kwenye vikombe vyako. 19 kwa 50 ni kama 38 kwa 100, sio mbaya kwa mbegu ambayo hatujui bibi aliiweka mwaka gani, ila inashuka na haitangoji. Vikombe viwili vya chai ni kama robo kilo na ushee, punje zaidi ya elfu kumi, kwa hiyo bado una zilizo hai karibu elfu nne. Sio mwisho wa dunia kama mjomba anavyofikiri, na pia sio nyingi za kuchezea.

Ingekuwa yangu ningeigawa sehemu tatu. Moja ningeirudisha kibuyuni leo hii, nimeianika tena na kuiziba, siigusi, hiyo ni ya mvua kugoma au mbuzi kuingia. Ya pili ningeipanda vuli hii, mashimo 300, mistari kumi na tano ya mashimo ishirini, mstari kwa mstari sentimita 90 na shimo kwa shimo nusu mita, inakuwa kipande cha hatua kumi kwa kumi na tatu na kitu tu. Kwa uotaji huo tia punje nane kila shimo, shambani sio kama kwenye kitambaa, alafu ukiota ukifika goti ung'oe ubaki mmoja. Ukipata masuke 100 mazuri, kila suke ukatoa kiganja kilekile kimoja ili asiwepo aliyezidi, unaondoka na kilo kadhaa za mbegu mpya yenye nguvu. Shida ya njia hii ni kwamba kuanzia masuke yanapojaa maziwa mpaka unavuna lazima kuwe na mtu, kweleakwelea akishuka kwenye kipande kidogo hivyo anamaliza asubuhi moja, na wewe utakuwa chuo. Nani atakaa kwenye dungu? Hilo ulijibu kabla ya kupanda.

Sehemu ya tatu ndo ya mazungumzo. Arusha kuna kituo cha taifa cha kutunza mbegu za mimea, na supavaiza hakosei kukutuma kule, mbegu ikikaushwa vizuri ikawekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inakaa miaka mingi kuliko mimi na wewe. Ila benki za mbegu zinapenda mbegu inayoota 85 kwa 100 na zaidi, ya kwako ya 38 ukipeleka leo itabidi waipande wao kwanza kuifufua, huko juu kwenye baridi ya Arusha, na mtama wa Handeni wakiupanda mwezi usio wake watapata yale yaliyokupata wewe. Unaweza kumuuliza supavaiza, bila kumpinga, kama haraka yake ni ya mbegu au ni ya tarehe ya risechi, maana ya mavuno ya Julai itakuwa mbegu bora ya kupeleka kuliko ya leo. Anaweza pia akawa na hoja kwamba Julai haijulikani, mvua inaweza kugoma, na hapo ana haki, ndo maana sikwambii usipeleke hata chembe sasa.

Mjomba naye msikilize vizuri, usimwone mshamba. Ukishaweka mbegu kule inakuwa chini ya utaratibu wa nchi, na mtama ni kati ya mazao yaliyo kwenye mkataba wa kimataifa ambao Tanzania imeingia, maana yake mtafiti wa mbali anaweza kuomba akapewa kwa makubaliano. Haifungiwi kwa jina la bibi. Kwa wengine hilo ni jema, mbegu inaokoa shamba la mtu, kwa mjomba ni kama kutoa mtoto wa nyumba bila kikao. Mwambie wazi kabla ya kutoa, asije akasikia kwa mtu. Ila na mjomba ana swali la kujibu, kama mbegu haitoki nyumbani kwa nini haijapandwa na nyumba miaka yote hii? Usimuulize hivyo kwa ukali, mama yangu alikuwa anamgawia jirani kikombe kila mwaka sio kwa ukarimu tu, ni kwamba ya kwake ikiungua anajua pa kwenda kuiomba. Pengine jibu sio Arusha wala darini peke yake, pengine ni kikombe kwa shangazi wa kijiji cha pili, hiyo utapima wewe unayewajua.

Kitu ninachokuomba, kabla vuli haijaanza nenda kwa mjomba bila ile karatasi ya supavaiza. Yeye alikuwa mtoto kwenye hilo shamba, lazima alikaa kwenye dungu akirusha mawe. Muulize walianza kulinda ndege mwezi gani, mfungo ulikuwa umeingia au bado, mahindi ya masika yalikuwa yamefika wapi. Akikutajia hapo, hesabu kurudi nyuma wiki mbili hivi utajua ulikuwa unachanua lini, na ndo utajua upande lini na uvishe mifuko lini. Andika alivyosema kwa maneno yake, na suke la kwanza likichungulia nitumie tarehe.